Slaidi Mbili za Mzee Yaqoub

Mimi naitwa Semeni. Kwenye ofisi yetu hapa Kanyenye kazi yangu ni masjala, simu, na kuandika mihtasari ya vikao. Nimekaa pale miaka kumi na moja, na mtu akitaka kujua nani kaja na nani kaondoka, huwa ananiuliza mimi, wala simnyimi. Ila habari ya Koleta nimeiweka kifuani mwaka mzima sasa. Leo naisema kwa sababu imenichosha, na kwa sababu mkono wangu umo.

Koleta anakaa mtaa wa Ipuli, nyumba ya vyumba viwili, yeye na mama yake. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, hacheki ovyo. Jumapili yuko kanisani na kwaya, siku nyingine zote yuko mezani kwake karibu na dirisha, mgongo umenyooka, hata chai anakunywa akiwa ameitazama ile kompyuta. Shirika letu linachimba visima virefu vijijini Igunga, na kila mwaka lazima tuwapelekee wafadhili slaidi za kuonyesha tulichofanya. Slaidi hizo ndizo kazi ya Koleta.

Kabla hajaja yeye, jamani, tuliteseka. Faili moja lilikuwa na watoto kumi. Moja linaitwa "mwisho", lingine "mwisho kabisa", lingine "mwisho huu ndio", na kila mtu anasahihisha la kwake kisha analituma kwa wasapu. Siku ya kuwasilisha tunagundua kwamba sahihisho la huyu limo, la yule halimo. Mwaka mmoja tulipeleka slaidi zenye picha ya kisima cha watu wengine kabisa. Tulicheka baadaye, ila siku yenyewe hakuna aliyecheka.

Koleta alikuja akaikomesha fujo hiyo. Akasema faili litakuwa moja, litakaa mtandaoni, na hakuna mtu kutumiwa faili tena. Mtu anatumiwa kiungo tu. Mwenye maoni ayaandike pembeni ya slaidi, jina lake lionekane, asiguse maandishi. Takwimu peke yake ndizo zinazoguswa na mwenye takwimu, naye akishagusa ampigie Koleta simu. Kila oni alilijibu kabla ya kulifunga. Aliandika "nimebadilisha", au "sijabadilisha, sababu ni hii". Wawili wakipingana hakuamua mwenyewe. Aliwataja wote wawili palepale pembeni, wakamalizana. Na kila Ijumaa alihifadhi nakala yenye tarehe kwenye kompyuta yake. Juu ya hayo yote alikuwa na daftari, la karatasi, jalada la bluu, ameandika slaidi ya ngapi, nani kasema nini, siku gani, na imeamuliwaje.

Alikuwa na sheria moja aliyokuwa mkali nayo kuliko zote: ukikuta sahihisho lako limeondolewa, usilirudishe kimyakimya. Aliyeliondoa ana sababu. Uliza, au liache. Alisema watu wakianza kurudishiana maneno kwa siri, faili litakuwa uwanja wa vita. Tuliizoea sheria ile mpaka tukaiona ni adabu tu ya kawaida.

Mtu mmoja alikataa utaratibu huo, naye ni mwenyekiti wetu, Mzee Yaqoub. Mnamjua, duka lao la vitambaa liko hapohapo Kanyenye tangu enzi za babu yake. Mzee wa watu, mpole, mkarimu. Mama yangu alipolazwa, yeye ndiye aliyetuma gari. Lakini kuandika pembeni alisema hapana. Pembeni ndiko mwalimu anakomwandikia mwanafunzi, alisema, na yeye hana umri wa kuandikiana vikaratasi na watoto. Alikuwa analishusha faili lote kwenye kompyuta yake ya nyumbani, anabadilisha anachotaka kwa nafasi yake, kisha anamtumia Koleta kwa wasapu na ujumbe mfupi: tayari.

Koleta angefanya nini? Alikuwa analifungua faili la mzee upande mmoja, la pamoja upande mwingine, anatazama slaidi moja moja, na kila alichobadilisha mzee anakihamishia kwenye la pamoja kwa mkono. Hakulalamika. Mimi nilikuwa namcheka, namwambia ameolewa na mzee bila kutolewa mahari.

Mwaka huo mwenye takwimu alikuwa Luhende. Luhende ni msimamizi wetu wa Igunga, kijana mtu mzima, ana watoto wanne, pikipiki yake imezunguka kila kijiji chenye kisima chetu. Slaidi ya saba ilisema visima kumi na vinne vinatoa maji. Ilikuwa kweli vilipochimbwa. Lakini kiangazi kilipokaza, Luhende alizunguka upya na kukuta vitano havitoi kitu, vingine vimekauka na vingine maji yake ni ya chumvi hata ng'ombe anayakataa. Jumatatu mchana akafungua slaidi ya saba, akafuta kumi na nne, akaandika tisa, akampigia Koleta simu. Koleta akaandika kwenye daftari. Nilimsikia anamshukuru, anamwambia afadhali aibu ya leo.

Siku hiyohiyo Bi Agnetha, mwalimu mstaafu aliye kwenye bodi, akaandika pembeni kwamba jina la kijiji kwenye slaidi ya tisa limekosewa. Koleta akalirekebisha, akajibu, akalifunga oni. Jioni pembeni kulikuwa kweupe, maoni yote yamefungwa.

Jumanne slaidi zilitakiwa zitumwe kabla ya saa sita. Mzee Yaqoub alikuwa njiani kwenda Dodoma, ndiye atakayewasilisha Alhamisi. Saa nne na nusu ikaingia wasapu: faili lake, na ujumbe, tayari. Koleta akaanza kazi yake ya kufungua huku na huku. Hajafika slaidi ya tatu, mzee akapiga simu. Akauliza kama lake limeshawekwa. Koleta akasema yuko kwenye kulihamisha. Mzee akauliza, kwa upole wake uleule, unahamisha nini tena mwanangu, si nimeshamaliza? Simu ikakatika, mtandao wa njiani.

Nami nikiwa pale na kikombe changu nikafungua mdomo. Nilisema, "Koleta, mzee akishaandika wewe unachambua nini? Weka lake kama lilivyo, tutume, tupumue."

Akaniuliza kama nadhani mzee amelishusha leo. Nikamwambia atakuwa amelishusha leo, kwani alishushe lini? Na kumpigia mtu mzima aliye safarini, mwenyekiti, kumwuliza umelishusha lini faili, ni kama kumpima. Hata mimi nisingeweza. Akalitazama la mzee: pembeni kweupe. La pamoja: pembeni kweupe. Yakafanana. Akalipandisha faili la mzee juu ya la pamoja, jina lilelile, kiungo kilekile, tukatuma saa tano na dakika kumi. Tulikunywa chai ya pili.

Mzee alikuwa amelishusha Jumamosi.

Bi Agnetha ndiye aliyeligundua, wiki iliyofuata. Alipiga simu, ana hasira ya kiualimu ile, anauliza mbona kosa alilolionyesha Jumatatu limerudi kwenye slaidi ya tisa. Koleta akafungua orodha ya matoleo ya zamani ya faili, ambayo mtandao huyaweka wenyewe, akabofya la Jumatatu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Jina la kijiji lilikuwa sahihi, na slaidi ya saba ilikuwa tisa. Akafungua la sasa: kumi na nne. Ndilo lililosomwa Dodoma mbele ya wafadhili, na Mzee Yaqoub akapigiwa makofi.

Mimi ndiye niliyesema nyamaza. Sitamsingizia mtu. Nilimwambia limeshapita, ukilifufua utakuwa unamwambia mwenyekiti amewadanganya wageni, na nani atakuamini hukufanya makusudi? Alinieleza kwamba matoleo ya zamani ya faili la namna ile hayakai, kama mwezi mmoja hivi yanafutika, isipokuwa mtu achague lile toleo lihifadhiwe lisifutwe. Nikamwambia basi chagua. Akasema atachagua kesho, leo hawezi hata kulitazama. Akaufunga ukurasa.

Kesho hakuchagua. Najua kwa nini. Kulihifadhi ni kukubali kwamba siku moja utalitoa ulionyeshe.

Wiki ya tatu wafadhili walikuwa wanaenda Mwanza kwa gari, na barabara ya Dodoma kwenda Mwanza inapita Igunga. Wakaona wasimame kidogo waone visima. Kijiji cha kwanza walichoingia, pampu ilitoa upepo. Cha pili, mama mmoja aliwapa maji wakayaonja, wakayatema. Barua yao ilifika siku nne baadaye. Waliandika kwamba hawana ugomvi na kisima kukauka, visima hukauka. Ugomvi wao ni kuambiwa kinatoa maji. Walitaka kujua nani mwenye takwimu.

Kikao kilikaa kwenye chumba chetu cha mbele. Mimi naandika muhtasari. Luhende alikuja na shati lake la kanisani, amekaa ukingoni mwa kiti. Alisema alibadilisha, Jumatatu ile, aliandika tisa. Hakupandisha sauti. Mjumbe mmoja akafungua faili, akageuza kompyuta upande wake, akamwambia atuonyeshe hiyo tisa. Luhende akaitazama kumi na nne. Kisha akasema aitwe Koleta, Koleta anajua.

Koleta akaja akasimama mlangoni. Mzee Yaqoub akamwuliza, tena kwa heshima, "Koleta mwanangu, faili letu linasema visima vingapi?"

Nilimwangalia. Naye aliniangalia mimi, kisha akaangalia sakafu. Siku hiyo ilikuwa ya ishirini na sita tangu tulipolipandisha faili la mzee. Nimehesabu mara nyingi. Toleo la Jumatatu lilikuwa bado lipo, hatua tano kutoka pale aliposimama.

"Linasema kumi na vinne, mzee," akasema.

Nami nikaandika: msimamizi ameshindwa kuthibitisha. Ni mwandiko wangu, uko kwenye jalada mpaka leo. Wiki hiyohiyo akaandikiwa barua ya kuachishwa kazi kwa kutoa takwimu za uongo, na sababu hiyo ikiandikwa kwenye barua, shirika gani jingine litakuchukua? Akakabidhi pikipiki, akapanda basi.

Koleta akaanza kukonda. Kwaya aliacha. Mama yake alinipigia kuniuliza kama ofisini kuna mtu anamsumbua, nikasema kazi nyingi. Uongo ukishaanza haukupi nafasi ya kupumua. Alikuwa anakuja asubuhi, anafungua daftari la bluu, anakaa nalo tu.

Siku moja, ilikuwa kama siku ya arobaini, aliniita. Alikuwa amefungua orodha ya matoleo. Toleo la Jumatatu halipo. Lililobaki ni moja tu, la sasa, la kumi na nne. Alikuwa ameangalia na nakala zake za Ijumaa. Ya Ijumaa ya kabla ina kumi na nne, na ya Ijumaa ya baada, bila shaka, ina kumi na nne. Sahihisho la Luhende liliishi kuanzia Jumatatu mchana mpaka Jumanne saa tano.

Akasema, "Semeni, nimelisubiri life."

Akachukua daftari, akavuka barabara kwenda dukani kwa mzee. Nilimfuata, sikutaka aende peke yake, na ninyi mniseme mtakavyo lakini hilo nililifanya. Mzee alitukaribisha, akaagiza kahawa. Koleta akamweleza yote, tangu Jumatatu, simu, wasapu, alivyolipandisha la mzee juu ya la wote, alivyonyamaza. Akamfungulia daftari ukurasa wenyewe: slaidi ya saba, Luhende, kumi na nne iwe tisa, nimeona.

Mzee alivaa miwani, akasoma. Aliusoma ukurasa ule mara mbili. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta njia ya kusaidia na haioni. Akasema, "Lakini mwanangu, mimi nilibadilisha slaidi mbili tu. Ya kwanza na ya mwisho. Ya saba sikuigusa."

Na ni kweli. Hakuigusa. Koleta alijaribu kumweleza kwamba faili halijui kilichoguswa na kisichoguswa, ukiliweka juu ya jingine linafunika lote, slaidi ishirini kwa pamoja. Mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa, na nilijua haimwingii. Kilichomwingia ni kingine. Alifunga daftari taratibu, akamrudishia, akasema wajumbe watauliza ukurasa huo umeandikwa lini. Daftari ni la kwako, kalamu ni ya kwako, na wewe mwenyewe ulisimama mlangoni ukasema kumi na vinne. Hakusema kwa ubaya. Alisema wafadhili wameshapokea barua kwamba mhusika ameondolewa, na mradi umeanza kupumua. Yeye atalipeleka jambo kwenye bodi, lakini hampi matumaini. Akalipeleka kweli. Bodi ikasema haina la kufungulia upya. Muhtasari niliandika mimi.

Ikabaki kwenda kwa Luhende mwenyewe. Tulipanda basi la asubuhi, tukapita Nzega, tukashuka Igunga adhuhuri. Njia nzima Koleta hakula hata karanga. Tulimkuta Luhende shambani kwa kaka yake, anatengeneza kingo za majaruba ya mpunga, matope mpaka magotini. Alitusalimia vizuri, akanawa, akatuletea viti viwili chini ya upenu, yeye akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mke wake akaleta maji ya kunywa akarudi ndani. Hakukaa nasi.

Koleta alisema. Alisema vizuri kuliko alivyomwambia mzee, hakujitetea popote, na alipofika pale mlangoni kwenye kikao alilia. Luhende alimsikiliza mpaka mwisho huku anakwangua tope kwenye kidole. Nilikuwa namsubiri atukane. Mimi ningetukana.

Akasema aliiona. Jumanne ileile, jioni, alifungua faili kwenye simu yake, akakuta tisa yake haipo, kumi na nne imerudi. Koleta akamwuliza, kwa sauti ndogo kabisa, mbona hukurudisha, mbona hata hukunipigia.

"Ulisema tusirudishe," Luhende akasema. "Nikajua ni wewe umeiondoa. Nikasema, kama ni Koleta, ana sababu yake."

Tulikaa pale labda nusu saa zaidi, tukazungumza habari za mvua. Luhende alitusindikiza mpaka barabarani, akasimama mpaka tulipopata basi. Aliuliza kama Bi Agnetha mzima.

Mwaka huu tumekuwa na slaidi mpya. Msimamizi wa Igunga ni mwingine, na slaidi ya saba sasa inasema visima tisa, imenyooka, hakuna anayeibishia. Juzi Jumanne, asubuhi, ikaingia wasapu kutoka kwa Mzee Yaqoub: faili lake, na ujumbe, tayari. Nikanyamaza, nikajifanya napanga majalada. Koleta akampigia simu. Nilimsikia akisema shikamoo mzee, naomba kuuliza, hili umelishusha lini? Mzee akajibu, nadhani bila kinyongo chochote, maana Koleta alisema asante na kuandika siku hiyo kwenye daftari. Kisha akafungua la mzee upande mmoja na la pamoja upande mwingine, akapita slaidi moja moja mpaka ya mwisho, akahamisha alichobadilisha mzee. Zilikuwa sentensi tatu.

Ilichukua robo saa. Nilikuwa natazama saa ya ukutani.